Mteja Akitaka Kuondoka: Kupanga Utaratibu wa Haki wa Kusitisha Huduma

Wafanyabiashara wengi wadogo katika kaunti yetu sasa wanauza huduma za kulipiwa kila mwezi. Kuna wanaozoa taka majumbani, wanaopeleka maji, wenye ukumbi wa mazoezi, na wanaosambaza intaneti mitaani. Wengi wao wamepanga vizuri namna ya kumpokea mteja. Kuna fomu, kuna bei, kuna fundi wa kuja nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini ukiwauliza mteja akitaka kuondoka anafanya nini, jibu huwa ni moja: "Tutaongea."

Hapo ndipo ugomvi huanza. Mteja anahama nyumba na anadai depoziti yake. Mwenye biashara anasema aliingia gharama ya kumuunganisha na bado hajairudisha. Kila mmoja ana sababu, lakini hakuna karatasi inayosema nani anamdai nani. Makala hii inaangalia suala hilo kutoka upande wa mwenye biashara. Tutatumia mfano wa mama anayesambaza intaneti katika majumba ya kupangisha. Mfano na bei zake tumeutunga kwa ajili ya somo, ila hesabu yake inaweza kutumika katika biashara yoyote ya malipo ya mwezi.

Gharama halisi ya mteja kuondoka

Mama huyu anatoza Sh2,400 kwa siku 30, na mteja hulipa kabla ya kutumia. Siku ya kwanza mteja huweka depoziti ya Sh2,000 kwa ajili ya rauta, ambayo inabaki kuwa mali ya biashara. Kuunganishwa ni bure. Hivyo ndivyo tangazo lake linavyosema, na ndivyo washindani wake wanavyofanya pia.

Kwa mwenye biashara, hata hivyo, kuunganisha si bure. Waya wa kutoka kwenye kisanduku cha jengo hadi chumbani ni mita 60, kila mita Sh30, jumla Sh1,800. Vibanio na viunganishi ni Sh300. Fundi analipwa Sh1,500. Kumleta mteja mmoja kumemgharimu Sh3,600 kabla hajaona faida yoyote. Anatarajia kuzirudisha pesa hizo kidogo kidogo ndani ya miezi 12, yaani Sh300 katika kila malipo ya mwezi.

Kwa hiyo mteja akiondoka mwezi wa 3, mama amepata hasara ya kweli. Akiondoka mwezi wa 14, hakuna hasara yoyote ya kuunganisha iliyobaki. Tofauti hii ndiyo msingi wa utaratibu wa haki: ada ya kuondoka iwe sawa na gharama ambayo bado haijarudi, na ipungue kila mwezi hadi iishe. Mwenye biashara anayetoza Sh3,600 kwa kila anayeondoka, awe wa mwezi wa 2 au wa mwaka wa 3, anamlipisha mteja wa muda mrefu gharama ile ile mara ya pili.

Mama wetu ameandika sheria yake kwa sentensi moja ambayo mtu yeyote anaielewa: "Tulitumia Sh3,600 kukuunganisha. Kila mwezi unaolipia unapunguza Sh300. Ukikaa miezi 12, hudaiwi chochote." Sentensi hiyo iko kwenye fomu ya kujiunga, juu kabisa, karibu na bei, na fundi huisoma kwa sauti kabla mteja hajatia sahihi. Ada ambayo mteja anaisikia kwa mara ya kwanza siku ya kuondoka ataiona kama mtego, hata kama hesabu yake ni sahihi.

Notisi iwe na kazi

Wafanyabiashara wengi hudai notisi ya siku 30 kwa sababu ndiyo waliyoizoea katika nyumba za kupanga. Kabla ya kuandika idadi ya siku, jiulize siku hizo zinafanya kazi gani. Mwenye nyumba anahitaji muda wa kutafuta mpangaji mwingine. Msambazaji wa intaneti hununua intaneti yake kwa jumla kila mwezi kutoka kampuni kubwa, na nyumba moja ikitoka bili hiyo haibadiliki. Anachohitaji ni nafasi ya kumpanga fundi aende kuchukua rauta. Kwa kazi hiyo siku 7 zinatosha.

Njia ya kutoa notisi nayo isiwe ngumu kuliko njia ya kujiunga. Kama mteja alijiunga kwa ujumbe mfupi wa simu, aruhusiwe kuondoka kwa ujumbe mfupi. Kumwambia afike ofisini kati ya saa tatu na saa tano asubuhi siku za kazi ni kumtilia kizuizi. Mteja wa aina hiyo haji. Anaacha tu kulipa, anahama na rauta, na simu yake haipatikani. Kizuizi kilichowekwa kulinda Sh2,400 ya mwezi mmoja kinaishia kupoteza rauta nzima.

Mara notisi inapofika, mama hujibu siku hiyo hiyo kwa maandishi. Ujumbe wake ni huu:

"Habari ya leo. Tumepokea ombi lako la kusitisha huduma. Intaneti itafungwa tarehe 19 usiku. Fundi atakuja kuchukua rauta na adapta yake tarehe 20. Hesabu yako utaipata kesho. Asante kwa muda uliokaa nasi."

Ujumbe huo mfupi unamaliza mabishano mengi. Una tarehe ya kufungwa, una siku ya fundi, na unamwonyesha mteja kwamba hana haja ya kupiga simu kila siku kuuliza. Kwa mwenye biashara, ni ushahidi wa siku notisi ilipopokelewa.

Hesabu ya mteja mmoja, hatua kwa hatua

Tuseme mteja amelipia mwezi wa 7. Siku ya 12 ya mwezi huo anatuma notisi kwa sababu amepata kazi mji mwingine. Siku 7 za notisi zinaisha siku ya 19. Mama anakaa na daftari lake na kufanya hesabu nne.

Ya kwanza ni siku ambazo mteja amelipia lakini hatazitumia. Sh2,400 ukigawa kwa siku 30 ni Sh80 kwa siku. Zimebaki siku 11, kwa hiyo mteja anarudishiwa Sh880.

Ya pili ni depoziti ya Sh2,000. Hii ni pesa ya mteja tangu siku ya kwanza. Biashara iliishika tu kama dhamana ya rauta. Mama huiweka katika akaunti tofauti na ya matumizi, kwa sababu mwenye biashara anayenunua waya kwa depoziti za wateja hujikuta hana cha kurudisha watu watano wanapohama mwisho wa mwezi mmoja.

Ya tatu ni ada ya kuondoka. Mteja amelipia miezi 7, imebaki 5. Sh300 mara 5 ni Sh1,500.

Ya nne ni vifaa. Rauta imerudi ikiwa nzima, lakini adapta ya stima imepotea. Fomu ya kujiunga ilitaja bei yake, Sh600. Michubuko ya kawaida ya rauta haikatwi chochote, kwa kuwa kifaa kinachotumika kila siku lazima kichakae kidogo.

Jumla ni hivi: Sh880 na Sh2,000 ni Sh2,880. Ukitoa Sh1,500 zinabaki Sh1,380. Ukitoa Sh600 ya adapta, mteja anarudishiwa Sh780. Hesabu hiyo inatumwa kwake ikiwa na mistari yote minne, si jumla peke yake, na pesa zinatumwa kwa M-Pesa ndani ya siku 3 baada ya fundi kuchukua rauta. Akipewa jumla tu, mteja atadhani amepunjwa. Akipewa mistari yote, anaweza kubishana na mmoja, na ubishi wa mstari mmoja huisha haraka.

Mtu makini atauliza swali hapa. Mteja amerudishiwa siku 11 za mwezi wa 7, ilhali mwezi huo umehesabiwa mzima katika kupunguza ada. Je, mama hajajipunja? Ndiyo, amejipunja Sh110, yaani theluthi na kitu ya Sh300. Angeweza kugawa hata ada hiyo kwa siku, lakini angehitaji dakika kumi kumweleza kila mteja. Ameamua shaka ndogo zimwendee mteja ili sheria ibaki rahisi.

Sasa linganisha na jirani yake kibiashara ambaye harudishi siku zilizobaki na hushika depoziti yote. Yeye angebaki na Sh2,880, wakati mama wetu amebaki na Sh2,100. Faida ya ukali ni Sh780. Lakini chumba hicho kitapata mpangaji mpya, na majirani wanaoishi ngazi hiyo hiyo watamweleza yaliyotokea. Mpangaji mmoja anayekataa kujiunga anamnyima jirani huyo Sh2,400 kwa mwezi wa kwanza tu.

Wakati ambapo ada isitozwe

Ada ya kuondoka inalipa gharama ya waya na fundi. Kuna hali ambapo gharama hiyo haipo, au kosa si la mteja, na utaratibu wa haki huzitaja hali hizo mapema.

Hali ya kwanza ni waya unapopata mtu mwingine. Mpangaji mpya akiingia chumba hicho na kujiunga kabla ya hesabu kufungwa, waya ule ule utamhudumia, na fundi hatavuta mwingine. Mama hamtozi ada mteja anayeondoka. Katika mfano wetu, mteja angerudishiwa Sh2,280 badala ya Sh780. Sheria hii ina faida ya pili: mteja anayehama anakuwa na sababu ya kumwambia anayeingia ajiunge.

Hali ya pili ni huduma mbovu. Mteja anayeondoka kwa sababu intaneti haifanyi kazi hawezi kulipishwa kwa kuondoka. Ugumu ni kujua nani anasema kweli, maana kila anayetaka kukwepa ada anaweza kusema huduma ilikuwa mbaya. Mama ametumia kipimo kinachoonekana: kama katika siku 30 zilizopita huduma ilikatika kwa jumla ya saa 72, au mteja aliripoti tatizo lile lile mara tatu, ada inafutwa bila mjadala. Ndiyo maana kila malalamiko huandikwa saa na tarehe yanapopokelewa. Mteja naye anashauriwa aripoti kwa ujumbe, si kwa simu tu, ili naye awe na kumbukumbu.

Hali ya tatu ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya mwaka 2012 imempa mteja haki ya kubatilisha aina fulani za makubaliano ndani ya siku 10 bila kutoa sababu. Miongoni mwake ni makubaliano yaliyofanywa ana kwa ana nje ya mahali pa biashara pa muuzaji, kama vile mlangoni kwa mteja, na siku hizo huhesabiwa tangu mteja apokee nakala yake ya maandishi. Mfanyabiashara anayetuma mawakala mlango kwa mlango anapaswa kulikumbuka hili. Kama wakala hakuacha nakala, siku za mteja hazijaanza hata kuhesabiwa. Kifungu cha mkataba kinachosema "hakuna kurudishiwa pesa" hakiwezi kufuta haki iliyotolewa na sheria.

Deni ni jambo jingine

Kuna wateja wanaotaka kuondoka huku wakidaiwa. Wengine hukataliwa: "Lipa kwanza ndipo tukufunge." Huku mwezi mwingine unahesabiwa, na deni linakua kwa huduma ambayo mtu amesema haitaki. Hili si haki, na pia ni hesabu mbaya, kwa sababu mtu aliyeshindwa kulipa Sh2,400 hataweza Sh4,800.

Njia bora ni kutenganisha mambo hayo mawili. Huduma inafungwa siku ambayo notisi inaisha, na deni linasimama hapo. Depoziti inaweza kutumika kulipunguza kama fomu ilisema hivyo. Kinachobaki kinaandikwa na kutiwa sahihi, pamoja na tarehe za kulipa. Wasipoelewana, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000. Mbele ya mahakama, fomu ya siku ya kwanza, notisi na hesabu ya mistari minne ndivyo vitakavyozungumza.

Swali moja na pendekezo moja

Mwenye biashara ana haki ya kujaribu kumbakiza mteja. Kosa ni kumzungusha. Mama wetu amejiwekea mpaka: anauliza swali moja na kutoa pendekezo moja. Swali ni, "Unaweza kutuambia sababu ya kuondoka?" Pendekezo linategemea jibu.

Anayehama mtaa unaofikiwa na nyaya zake anaelezwa kwamba anaweza kuhamishiwa huduma. Anayesafiri kwa muda anaelezwa kwamba anaweza kusimamisha huduma hadi siku 90 bila kulipa, na rauta ibaki kwake. Anayesema pesa zimepungua anaonyeshwa kifurushi cha chini. Anayelalamikia intaneti anatumiwa fundi ndani ya saa 24, na siku yake ya kuondoka haisogezwi wakati wa kumsubiri fundi. Mteja akisema hapana, mazungumzo yamekwisha.

Mpaka huu huvunjwa na jambo ambalo wenye biashara hawalioni upesi, nalo ni malipo ya wafanyakazi. Ukimlipa mhudumu wa simu marupurupu kwa kila mteja anayebaki, atajifunza kutopokea simu za wanaotaka kuondoka, au kusema ombi halijafika. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Idadi ya wanaotoa notisi inashuka, lakini idadi ya wasiolipa bila taarifa na ya rauta zisizorudi inapanda. Takwimu ya kwanza ikitazamwa peke yake, mwenye biashara atafurahi wakati anapoteza.

Majibu ya lile swali moja nayo yaandikwe, na yasomwe kila mwezi kwa jengo, si kwa jumla pekee. Wateja wanane wakiondoka kutoka majengo manane kwa sababu za kuhama, hiyo ni hali ya kawaida ya mtaa wa wapangaji. Watano wakiondoka jengo moja ndani ya wiki mbili, hata kama wote wameandika "bei," mtume fundi akakague kisanduku cha jengo. Watu wengi husema bei kwa sababu ni jibu lisilozua mabishano. Mtu anayepata intaneti nzuri kwa Sh2,400 huwa haioni kuwa ghali. Anaiona ghali inapokatika kila jioni.

Taarifa za aliyeondoka

Siku ya kujiunga, mteja alitoa jina, nambari ya simu na pengine nakala ya kitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zisihifadhiwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mama hufanya mambo mawili baada ya kufunga hesabu. Anatoa nambari ya mteja kwenye orodha ya matangazo, na anaharibu nakala ya kitambulisho. Kumbukumbu za malipo anazihifadhi, kwa kuwa sheria ya taratibu za kodi inataka hati za biashara zitunzwe kwa miaka 5. Mteja akiuliza, anaelezwa kilichofutwa na kilichobaki, pamoja na sababu.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kuanza wiki hii, chukua fomu yako ya kujiunga na utazame kama ina majibu ya maswali matano: mteja atoe notisi kwa njia gani, ya siku ngapi, ada ya kuondoka ni kiasi gani kwa kila mwezi na inaisha lini, depoziti inakatwa kwa ajili ya nini, na pesa zinarudi baada ya siku ngapi. Swali lisilo na jibu kwenye fomu hiyo ndilo mtakalogombania baadaye.

Kwa mkazi ambaye ni mteja, maswali ni hayo hayo, na wakati wa kuyauliza ni kabla ya kutia sahihi. Omba nakala yako, ihifadhi, na utoe notisi kwa maandishi. Ukiwa na mgogoro na msambazaji wa intaneti, mpelekee malalamiko yeye kwanza. Usiporidhika na jibu, unaweza kuyafikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ukiwa na nakala ya mkataba, risiti na jumbe zako zote.